Klabu ya matembezi ya chuoni, Moshi: nilijiunga mwaka jana, na tangazo la mwaka huu nimelisoma kwa jicho jingine

Chuo kimefunguliwa, mabango yamejaa ukutani kuanzia kantini hadi maktaba, na kila klabu inataka watu wa mwaka wa kwanza kabla hawajajua kona za hosteli. Tangazo lililoulizwa sana kwenye grupu letu ni la klabu ya matembezi, lile lenye picha ya Kibo asubuhi. Mimi nilijiunga nayo mwaka jana nikiwa mgeni kabisa hapa Moshi, nikalipa, nikaenda. Jina la klabu nitaliacha. Walioko chuoni kwetu wanaijua, na walioko vyuo vingine hapa mjini na Arusha watakuta klabu inayofanana nayo.

Kwa kifupi, nyota tatu na nusu. Mlima haukuniangusha hata kidogo. Zilizopungua ni za hesabu.

Tangazo la mwaka jana lilikuwa tamu. "Kiingilio 5,000 tu. Safari ya kwanza Mandara kwa 30,000, usafiri, hifadhi, mwongozaji na msosi ndani. Nafasi chache!" Mandara ni kambi ya kwanza ya kupandia Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Niliona ni bei nzuri, na ukweli ni kwamba ilikuwa bei nzuri. Shida ni kwamba ile 30,000 ilisimama juu ya kitu ambacho tangazo halikukitaja: idadi ya watu.

Hesabu yenyewe nilipewa baadaye na mweka hazina, dada mmoja muungwana ambaye hakuficha kitu. Kosta ya siti 28, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, walikodi kwa 170,000. Waongozaji wawili wenye leseni, 40,000 kila mmoja. Hapo ni 250,000, na hiyo fedha inatoka hata kama gari litabeba watu watatu. Kisha kuna gharama ya kila kichwa, yaani kiingilio cha hifadhi na chakula, ambayo wao waliipigia 20,000. Kwa hiyo katika 30,000 ya kila mtu, ni 10,000 tu inayokwenda kulipia gari na waongozaji. Gawanya 250,000 kwa 10,000 unapata 25. Wakifika 25, safari inajilipa. Wakijaa 28, klabu inabaki na 30,000 ya dharura. Wakipungua 25, kila siti tupu inaliwa na waliokuja.

Walioandika majina kwenye meza ya usajili walikuwa wengi kuliko siti za gari. Waliolipa walikuwa 19.

Kisa chake kila mwanafunzi anakijua. Wiki ya kwanza kila mtu anaandika jina, kwa sababu kuandika ni bure. Safari ikapangwa wiki ambayo bumu lilikuwa bado halijasoma kwa wengi, na mtu anayekula chipsi kavu kwa mkopo wa mama wa kantini hawezi kutoa 30,000 akapande mlima. Kwa 19, makusanyo yalikuwa 570,000 na gharama 630,000. Pengo la 60,000. Siku tatu kabla ya safari ukaja ujumbe kwenye grupu: "Wadau, tuongezeane 3,500 kila mmoja." Kelele zilizofuata sizirudii hapa. Wawili walidai fedha yao irudi wakaambiwa haiwezekani kwa sababu kosta imeshalipiwa, na jambo hilo pia halikuwa kwenye tangazo. Mwishowe tulilipa wote, kwa kununa.

Hakuna aliyeiba. Ukiwauliza watu wa mwaka wa pili watakuambia klabu "inapiga hela", lakini mimi nimeziona risiti. Kilichokosekana ni sentensi moja tu kwenye bango: bei hii ni kwa watu 25 na kuendelea, tukipungua tunaahirisha au mnarudishiwa.

Sasa safari yenyewe. Tulitakiwa kuondoka saa 12 asubuhi, tukaondoka saa 1 na nusu, maana kuna watu saa 12 kwao ni kuamka. Himo, Marangu Mtoni, kisha ule mpando wa migomba na kahawa hadi lango la Marangu, saa 3 tukawa pale. Tukakaa langoni hadi saa 5. Karibu saa mbili nzima! Sababu ni kwamba majina hayakuwa yameandaliwa. Hifadhi inataka orodha, Mtanzania athibitishe uraia ili alipe bei ya raia, halafu malipo yanatolewa kontroo namba, yanalipwa, ndipo mnaruhusiwa kupita. Kitambulisho cha chuo hakisemi wewe ni raia wa wapi. Kuna wenzetu walikuwa na namba ya NIDA tu, tena imeandikwa kwenye simu iliyokwisha chaji. Viongozi walikuwa wanajaza orodha kwa kalamu juu ya boneti ya kosta huku mwongozaji akiangalia saa.

Saa hizo mbili ndizo zilizotunyima safari nusu. Kutoka langoni, kwenye takriban mita 1,870, hadi Mandara kwenye mita 2,720, ni njia ya kama kilomita 8 ndani ya msitu, na kundi la wasiozoea linakwenda kwa saa tatu, wengine nne. Mwongozaji alituambia mapema: saa 8 mchana popote ulipo unageuka, kwa sababu msituni giza linaingia kabla ya jua kuzama na lazima wote muwe mmetoka jioni. Waliokuwa mbele walifika Mandara saa 8 kasoro, wakapiga picha, wakala ndizi na yai, wakageuka. Kundi la nyuma, watano, halikufika. Maundi, ile kreta iliyo karibu na kambi ambayo tangazo liliipamba kwa picha, hakuna aliyeiona.

Lile neno "yeyote anaweza" ni kweli, ila lina masharti yake. Njia ya Mandara haina kupanda mwamba, ni kutembea tu. Lakini mwenzetu mmoja alikuja na viatu vyeusi vya shule, soli ya kushoto ikaachia njiani, ikawa inapigapiga kama kandambili kwenye matope. Mwongozaji akaifunga kwa kamba ya viatu vyake mwenyewe. Hakuna bango lililosema vaa viatu vyenye meno. Wala halikusema kwamba chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo waliobeba katoni ya maji ya dukani waliiacha kwenye gari, na tukagawana vichupa vichache vya kudumu tulivyokuwa navyo.

Baridi nayo ilitushangaza. Moshi mjini ni joto la kuvua shati, lakini kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi, na kutoka mjini hadi Mandara unapanda karibu mita 1,900. Mjini ikiwa 28, kule tegemea 16, ukiwa umelowa jasho na vuli inanyunyiza. Hewa nayo pale juu ina msukumo wa chini ya robo tatu ya ule wa pwani, ndiyo maana kijana wa Tanga aliyekuwa anakimbia mbele mwanzoni alimaliza akiwa ameshika kichwa. Maumivu yaliisha aliposhuka. Wenyeji wa Rombo na Old Moshi walikuwa wanatucheka, na walikuwa na haki.

Yote hayo ni ya mwaka jana. Tangazo la mwaka huu limebadilika, na ndiyo maana nimeketi kuandika. Nimelisoma mara kadhaa nikiwa natafuta pa kulikamata.

Safari hii wameandika wazi: 30,000 ni kwa watu 25, mwisho wa kulipa ni siku kumi kabla ya safari, wakipungua 25 safari inasogezwa hadi bumu litoke, na asiyetaka kusubiri anarudishiwa yote. Safi sana. Malipo ni kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la klabu, wala si namba ya simu ya mwenyekiti kama zamani. Chini ya bango kuna muhuri wa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi na cheo cha mlezi wao. Kwa watu wa mwaka wa kwanza, hapo ndipo pa kuangalia kabla ya picha. Ukituma hela na jina linalotokea kwenye simu ni la mtu binafsi, usibonyeze namba ya siri, nenda ofisini ukaulize klabu hiyo imesajiliwa na mlezi ni nani. Kila mwanzo wa mwaka kuna "klabu" zinazokusanya kiingilio kwa wiki mbili na kuyeyuka.

Fomu ya mwaka huu inaomba namba ya NIDA. Wengi wameinung'unikia, ila kwa anayekwenda safari ni jambo jema, kwa sababu orodha itafika langoni ikiwa tayari na zile saa mbili zitarudi kwetu. Nisichokikubali ni kuiomba kwa kila anayejiunga, hata yule anayetaka tu kuja kwenye vikao vya Alhamisi kujifunza kufunga mkoba na kusoma ramani. Namba hiyo si ya kuachwa kwenye daftari linalopita mkono kwa mkono juu ya meza. Nimewaambia waiombe kwa waliolipia safari peke yao. Katibu amesema watalijadili.

Na bado kuna walilosahau. Chuoni kwetu tuna wenzetu wasiotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hao ile 30,000 haiwahusu kabisa. Mgeni asiye mkazi hulipa kiingilio cha Kilimanjaro kwa dola, 70 kwa siku kabla ya VAT, na mwenye kibali cha ukaazi hulipa pungufu ya hapo lakini bado ni zaidi ya raia. Mwaka jana binti mmoja kutoka Malawi aliambiwa hivyo akiwa ameshavaa mkoba mgongoni, asubuhi ya safari. Alirudi hosteli. Klabu ilimrudishia kiingilio chake cha uanachama bila kuombwa, nawapa heshima kwa hilo, lakini tangazo la mwaka huu bado halina mstari huo.

Mimi uanachama nimeshalipia, 5,000 ile ile. Safari nasubiri nione orodha ya waliolipa imefika wangapi, nao wameahidi kuibandika kila Ijumaa kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini. Jana ilikuwa 11.