Unataka kuweka boti kwenye picha ya ziwa na uakisi wake ukubali? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Naulizwa sana nilipie programu gani ili nikipachika mtumbwi au nyumba kwenye picha ya ziwa, ule uakisi wa kwenye maji (wengi tunauita kivuli tu) ukae kama wa kweli. Jibu langu huwa linawashangaza watu. Kitu cha kwanza kutoa hela ni picha ya boti yenyewe, programu inafuata, na siku hizi programu nzuri zipo za bure kabisa.

Nieleze kwa kazi niliyoifanya mwenyewe. Mteja alikuwa na picha safi ya asubuhi pale Mwanza, Jiwe la Bismarck limesimama kwenye maji yaliyotulia, akataka mtumbwi wa mbao uonekane upande wa kulia na mvuvi mmoja ameketi ndani. Nikachukua picha ya mtumbwi niliyokuwa nayo, niliipiga nikiwa juu ya gati, nikaikata, nikaiweka, nikakopi leya, nikaigeuza juu chini, nikapunguza mwangaza. Mteja akaangalia sekunde mbili akasema mbona huo mtumbwi wa chini ni kama umepinduka. Hakujua kueleza kwa nini, lakini jicho lake lilikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa hili. Maji hayaigeuzi picha yako, maji yanaonyesha kile ambacho kamera ingeona kama ingekuwa chini ya uso wa ziwa, kwa kina sawa na urefu ambao kamera yako iko juu ya maji. Sasa ukiwa chini unautazama mtumbwi kwenda juu huwezi kuona viti wala nyavu zilizomo ndani, unaona ubavu tu, na ukingo wa karibu unamficha mvuvi kuanzia kiunoni au zaidi. Mimi niligeuza picha iliyopigwa kutoka juu, kwa hiyo viti vikaonekana ndani ya maji. Hakuna filta inayoweza kurekebisha hapo, ni kufuta kwa mkono.

Unaweza kukadiria tatizo litakuwa kubwa kiasi gani kabla hujatoa hata shilingi. Chukua urefu wa kamera juu ya maji, zidisha mara mbili, zidisha na umbali wa mtu kutoka ukingo wa karibu wa mtumbwi, kisha gawa kwa umbali wa kutoka kwenye kamera hadi mtumbwini. Jibu ni kiasi cha mwili wake kinachotakiwa kupotea zaidi kwenye uakisi. Kamera iko mita 1.6, mtumbwi uko mita 10, mvuvi yuko nusu mita nyuma ya ukingo, unapata sentimita 16 hivi, kazi ya maski dakika tano. Ukiwa juu ya gati mita 4 inakuwa sentimita 40, yaani karibu kiwiliwili kizima cha mtu aliyeketi. Lakini mtumbwi ukiwa mita 40 na wewe umesimama ufukweni ni sentimita 4 tu, geuza picha uendelee na maisha.

Kwa hiyo namba moja kwenye orodha yangu ni picha ya boti iliyopigwa kamera ikiwa chini. Kama unanunua kwenye tovuti za picha, kabla ya kulipa tafuta mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na mbingu, uone unakata boti wapi. Kwenye ziwa tulivu mstari ule unapita kwenye kila kitu kwa urefu wa kamera, ukikata mtu aliyesimama ufukweni kwenye macho basi mpiga picha alikuwa amesimama kama yeye. Boti unayonunua lazima mstari wake uikate palepale ambapo mstari wa picha yako ya ziwa utaikata. Ukiona mstari uko juu sana ya vichwa vya watu na ndani ya boti kunaonekana kote, achana nayo hata kama ni nzuri na bei ni rahisi. Na ukiwa karibu na mwalo wowote njia nzuri zaidi ni kwenda asubuhi na mapema, kumlipa mvuvi kidogo akae kwenye mtumbwi wake, wewe uchuchumae. Mimi ndivyo nilivyofanya mara ya pili, na faida yake ni kwamba unapata na uakisi halisi wa kujifunzia.

Namba mbili, programu, na hapa ninaweka Affinity mbele. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 ni ya bure, unahitaji akaunti ya Canva tu, zamani ulikuwa unanunua mara moja. Sababu ya kuiweka mbele ni filta yao ya Displace ambayo ni hai, inakaa kama leya na ina chaguo linaloitwa Load Map From Layers Beneath, yaani inasoma mawimbi ya maji yaliyo chini yake moja kwa moja na kuupinda uakisi kuyafuata. Ukisogeza mtumbwi kushoto, mpindo unabadilika wenyewe. Kwa mtu anayehangaika na mteja asiyejua anataka boti ikae wapi hii inaokoa saa nzima. Kasoro ni kwamba laptopu dhaifu italalamika, na ukitumia Linux haiko kwa ajili yako.

Namba tatu ni GIMP. Bure, haihitaji bando baada ya kuishusha, na inafanya kazi kwenye mashine za kawaida. Displace yake iko Filters > Map > Displace na unapewa namba ya kulala na ya kusimama tofauti, jambo ambalo kwenye maji ni muhimu sana kwa sababu mawimbi yanavuta uakisi zaidi kwenda juu na chini kuliko pembeni. Hapa ramani ya mawimbi unaitengeneza mwenyewe. Kopi leya ya ziwa, ondoa rangi, ongeza kontrasti, kisha weka ukungu wa pikseli 2 au 3. Ule ukungu usiuache, bila huo chengachenga za kamera zinaingia kwenye ramani na kingo za mtumbwi zinaonekana kama karatasi iliyochanwa.

Na kuna jambo moja linawasumbua watu wengi kwenye Displace ya programu yoyote. Umeweka filta, ghafla uakisi wote umeruka chini na kumebaki pengo kati yake na mtumbwi. Ramani yako ina giza au mwanga kupita kiasi. Kijivu cha katikati, 128 hivi, maana yake usisogeze, ikiwa ramani nzima iko 80 basi kila kitu kinasogea upande mmoja. Irudishe kwa Levels mpaka wastani ukae katikati, pengo linafungika.

Photopea naiweka namba nne, ila kwa mtu asiye na mashine yake, anayefanya kazi kwa kompyuta ya kuazima, naipandisha hadi ya pili. Inafunguka ndani ya brauza, ni bure na matangazo pembeni, inafungua mafaili ya PSD, menyu zake zinafanana na Photoshop. Picha zako zinabaki kwenye kompyuta, haizipandishi popote. Ikipewa faili kubwa lenye leya nyingi kwenye mashine yenye RAM ndogo inakwama, kwa hiyo sevu kila baada ya hatua.

Photoshop yenyewe ni ya tano kwenye orodha hii, na siyo kwa ubaya. Displace iko Filter > Distort > Displace, ukiigeuza leya kuwa Smart Object unaweza kurudi kubadilisha namba, na kwenye picha ya upana wa pikseli 4000 mimi huanza na kulala 3, kusimama 10. Inataka ramani iwe faili la PSD lililoseviwa pembeni, hiyo ni hatua ya ziada tu. Kama kazini wanakulipia, itumie. Lakini kulipa kila mwezi kwa ajili ya uakisi wa boti, hapana, hizo hela zipeleke mwaloni.

Mwisho kabisa ni zile plagini na apu za simu za kutengeneza maji kwa kubofya mara moja, kwa mfano Flood ya Flaming Pear. Ni nzuri kwa kazi yake, inachora maji mapya na uakisi wake. Tatizo lako wewe siyo hilo, wewe una ziwa tayari lenye mawimbi yake na mwanga wake, ukimwaga maji mapya chini ya boti tu yanaonekana kiraka.

Sasa turudi kwa mtumbwi wa Bismarck, maana hata ukiwa na programu sahihi kuna mambo mawili utayafanya kwa mkono. Mtumbwi wangu ulikuwa umekaa mshazari, mbele yake iko karibu na kamera, kwa hiyo mstari wa maji ulikuwa unapanda kwenda kulia. Nilipogeuza leya, upande mmoja uligusa na mwingine ukaacha pembe tatu tupu. Usizungushe leya, ukizungusha mvuvi wa kwenye maji atalala upande. Tumia Skew, shika upande mmoja wa boksi uushushe au uupandishe mpaka mistari miwili ya maji igusane, hapo kila kitu kilichosimama kinabaki kimesimama na kila ncha iko chini ya mwenzake. Kanuni ni hiyohiyo kwa nyumba, ila nyumba iliyo mita kadhaa nyuma ya ufukwe hauanzii uakisi wake ukutani, unauhesabu kutoka usawa wa maji chini ya msingi, na kingo ya ardhi inaficha sehemu ya chini, mara nyingi unaona paa na madirisha ya juu tu.

La pili ni mwangaza. Watu wanashusha opasiti wanamaliza, lakini kwenye maji kitu cheupe huwa cheusi kidogo na kitu cheusi huwa cheupe kidogo, kwa sababu maji yanachanganya rangi yake na ya mbingu. Bahati nzuri nilikuwa na kipimo palepale, jiwe lenyewe. Nikachukua rangi ya upande wa kivuli wa jiwe, nikachukua na ya uakisi wake, nikaona sehemu ya giza imeongezeka mwanga kiasi gani, nikarudia kwenye sehemu nyeupe za jiwe. Kisha kwenye Levels za uakisi wa mtumbwi, upande wa Output, nikapandisha nyeusi na kushusha nyeupe kwa kiasi hichohicho. Nikamalizia na mstari mwembamba wa giza pale mbao zinapogusa maji, na maski ya kufifisha uakisi kidogo kuja upande wa kamera, kwa kuwa ukiyatazama maji ya karibu na miguu yako yanaakisi kidogo kuliko ya mbali.

Mteja alipofungua faili la pili aliuliza mtumbwi ule niliupata lini pale Bismarck.