Ziara ya Ujiji kwa miguu: kivuli kipo, tukasimamishwa juani

Nimelipia ziara ya nusu siku Ujiji kiangazi hiki, na hasira yangu yote iko kwenye dakika arobaini. Kiongozi alitupanga mbele ya mnara wa Livingstone, jua la saa nne limeshapamba moto, akaanza kuhadithia safari ya Stanley kumtafuta Livingstone, tangu Zanzibar. Hatua chache tu kutoka pale kuna miembe miwili yenye kivuli cha kuwatosha watu wote. Mama mmoja mtu mzima akaomba tusogee. Akajibiwa, "Vumilia mama, ndiyo historia." Kuanzia hapo watu walikuwa wanatafuta maji tu, hadithi haina msikilizaji.

Halafu kiongozi akasema mwembe ule ndio wenyewe walipokutania Stanley na Livingstone. Siyo! Kibao cha mnara kinataja mwembe uliokuwepo wakati ule, 10 Novemba 1871. Wa zamani ulishakufa, hii ni vizazi vyake. Mgeni anayesoma kibao anakuona mwongo, na mengine ya kweli uliyosema hayaamini tena.

Kosa lenyewe ni mpangilio. Ujiji inateremka kwenda Ziwa Tanganyika, kwa hiyo anayeanzia mnarani anashuka asubuhi na kupanda mchana. Ndivyo ilivyokuwa. Ufukweni tulifika saa sita, mitumbwi imeshafungwa, dagaa wameshaanikwa, mchanga unaunguza.

Ziara ianzie chini, saa moja asubuhi, wavuvi wanaporudi na dagaa wa usiku. Hapo nusu saa haitoshi, mpe mgeni saa nzima. Ila kiongozi aangalie mwezi kwanza: dagaa huvutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, wavuvi wengi hulala nyumbani. Siku hizo aongeze muda kwa mafundi wa mitumbwi. Baada ya hapo kupanda polepole, kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote, na kupumzika katikati penye kivuli. Hapo ndipo pa kueleza kwamba zamani maji yalifika karibu na mnara, maana mgeni akigeuka anaona kwa macho ziwa lilivyorudi nyuma. Mnarani wafike saa tatu, wakae chini ya miembe, hadithi robo saa, kisha makumbusho, ambako ndiko choo cha uhakika kilipo.

Nilitaka kuandika msiende. Lakini kwa mafundi alinishangaza: alinyamaza, akamwachia fundi aeleze mwenyewe anavyosindilia pamba kwenye maungio ya mbao ili mtumbwi usivuje, na wageni wakashika nyundo. Kazi anaijua huyu kijana. Nikasema nyota tatu.

Kisha nakumbuka kupanda kule saa saba, mama wa watu akisimama kila baada ya nyumba tatu, na kiongozi yuko mbele anaongea na simu. Mbili. Ukienda naye, kabla hujalipa mwambie mnaanzia ufukweni. Akikataa, panda bajaji ushuke mwenyewe.