Gemu za kuona kwa macho ya mhusika: ununue ipi kama zinakupa kichefuchefu

Mimi ni wa wale wanaogombea kiti cha mbele kwenye basi la mkoani, na gemu hizi hunitenda vilevile. Dakika kumi tu, mate yanajaa mdomoni na jasho baridi linatoka: macho yanasema tunakimbia, sikio la ndani linasema tumekaa. Kwa hiyo sinunui kwa uzuri wa picha. Nauliza kama naweza kupanua upana wa mwono (FOV) na kuzima mtikiso wa kichwa.

Ya kwanza: Minecraft, toleo la Java. Zima View Bobbing, yaani ule mtikiso wa kichwa, kabla hujapiga hatua hata moja. Kisha ingia Accessibility Settings, shusha FOV Effects na Distortion Effects hadi mwisho. FOV Effects ndiyo hutanua picha ghafla unapokimbia, na mimi ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Hali ikiwa bado mbaya, bonyeza F5 umwone mhusika wako kwa nyuma. Kuna jaribio la bure la kama dakika 100, kwa hiyo hupotezi hela.

Ila usiiguse FOV yake kwa pupa. Inaanzia 70, na wengi wakisikia ule ushauri wa gemu hizi wa "weka 90 au zaidi" huisukuma hadi 110. Minecraft hupima kutoka juu hadi chini, si kushoto kwenda kulia. Kwenye skrini ya 16:9, ile 70 tayari ni kama nyuzi 102 za upana. Ukiweka 110 unafika kama 137, kingo za picha zinavutika kama mpira kila unapogeuka, na tumbo linaanza upya.

Ya pili: Half-Life 2 (2004). Hii hupima upana, lakini kwa hesabu ya skrini za zamani za 4:3. Inaanzia 75, weka 90, ambayo kwenye skrini pana huwa kama 106. Yaani 90 ya hapa na 70 ya Minecraft zinakaribiana sana, ingawa namba zinaonekana mbali. Kutembea kwake kumetulia. Balaa ni sehemu ya boti, sura iitwayo Water Hazard: unaruka, unageuka, unadunda majini kwa muda mrefu. Hapo mimi hucheza robo saa, nahifadhi, naenda kunywa maji.

Ya mwisho: Portal 2 (2011). Fumbo zake ni tamu, lakini ukidumbukia tundu ulilofungua sakafuni ukatokea kwa lingine la ukutani, kamera inajipindua ili usimame wima. Hakuna FOV inayotibu hilo.

Hizi mbili za chini zinunue Steam: hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujazidisha saa 2 za kucheza. Kwa Half-Life 2 usizubae njiani, maana boti ni sura ya nne, na saa zako zinaweza kuisha kabla hujaipanda.