TAHADHARI: Wauza wafuasi wanaobaki ndani ya peji yako

Wenzetu wa Tanga mjini mnaouza kwa Facebook, hasa nyie wa kanga na vitenge kule Ngamiani, kaeni chonjo na huduma zinazoahidi kuongeza wafuasi au kuonyesha nani kachungulia profaili yako. Hiyo ya wachunguliaji ni uongo mtupu, maana Facebook haimpi mtu wa nje taarifa hizo. Ya wafuasi huenda ikaleta namba kweli, lakini unayemlipa anapata zaidi ya pesa: anapata idhini uliyotoa ulipobonyeza "Continue with Facebook".

Chukua mfano wa mwenye duka la kanga. Ukurasa wa idhini unamwomba jina, picha na barua pepe, na chini yake peji anazosimamia pamoja na ruhusa ya kuchapisha humo. Anakubali yote kwa haraka. Wafuasi wanaingia, baada ya muda wanapukutika, naye kwa hasira anaifuta programu kwenye simu. Siku nyingine peji yake inatangaza doti kwa bei ya kutupa, na lipa namba si yake. Mteja wa Muheza anatuma pesa, mzigo haufiki, na anayedaiwa ni mwenye duka.

Kosa liko hapo kwenye kufuta. Idhini haikai kwenye simu. Facebook humpa mwenye huduma kibali cha kidijitali, nacho kinatunzwa kwenye seva zake. Hata ukitupa simu baharini, kibali kinaendelea kufanya kazi. Kubadili nywila ni lazima kama uliwahi kumtajia mtu, lakini huduma inabaki kwenye orodha ya ulizoziruhusu. Ukija kubonyeza kitufe kile tena, huenda ikarudi bila kukuuliza upya.

Kabla ya kukata, fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Ikiwa kuna huduma nyingine unayoihitaji na unaiingia kwa Facebook tu, iingie kwanza, uweke barua pepe na nywila yake yenyewe. Usipofanya hivyo unaweza kujifungia nje, na vitu vyako vikabaki humo.

Sasa fungua Settings & privacy, kisha Settings, utafute Apps and websites. Gusa jina la huduma usome ilichoruhusiwa, halafu bonyeza Remove. Ukiulizwa kama machapisho iliyoweka yafutwe pia, piga picha ya skrini ya yale ya kitapeli kwanza, ndipo ukubali. Huo ni ushahidi wako kwa wateja na kwa polisi.

Usiishie hapo. Huduma zinazosimamia peji mara nyingi hazionekani kwenye orodha hiyo. Zina orodha yake, Business integrations, humo humo kwenye Settings. Wengi husafisha ya kwanza wakaridhika, na huduma iliyo kwenye peji ikabaki vile vile. Kisha ingia upande wa peji yenyewe, ufungue Page access, uangalie kama kuna mtu usiyemjua. Mtu aliyeongezwa kwa jina lake haondoki kwa kuondoa programu, na akiwa na mamlaka kamili anaweza kukutoa wewe. Huyo mtoe mapema kuliko wote.

Usidanganyike na neno Expired. Facebook husitisha huduma isiyotumika kwa siku 90 isiendelee kuchota taarifa zako zisizo za wazi, lakini ilizochota zamani bado inazo. Remove nayo haizirudishi. Kashfa ya kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica ya mwaka 2018 ilitokana na programu ya maswali iliyotumiwa na watu takriban 270,000, na kupitia marafiki wao zikachukuliwa taarifa za watu hadi milioni 87. Mlango ule wa marafiki ulikuwa umeshafungwa mwaka 2015, wakati taarifa zimeshatoka. Kwa hiyo mwandikie mwenye huduma, umtake afute taarifa zako, na utunze nakala ya ujumbe. Akiwa ni wa hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa pa kulalamikia, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama ulijiunga kwa Google, orodha iko hapa:

```
myaccount.google.com/connections
```

Humo tofautisha huduma inayojua jina na barua pepe yako tu na ile iliyopewa kusoma Gmail au anwani za watu wako. Anza na hiyo ya pili.

Na akitokea mtu wa kukusafishia akaunti kwa malipo, akaomba nywila au namba ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, mkatalie. Hatua zote hizi hufanywa na mwenye akaunti, kwenye simu yake, bila kulipa senti.