Nilivyonunua skripti ya video ya sekunde 30 kwa ajili ya saluni yangu, Tanga

Nina saluni ya viti vitatu Ngamiani, Tanga. Kwa miaka yote wateja wangu wameletwa na mdomo: mtu anasukwa, anakwenda harusini, shoga zake wanamuuliza amesuka wapi. Mwaka huu mdogo wangu akanishika, dada weka video, wenzio wote wanaweka. Nikamtafuta kijana mmoja hapa mjini anayeandikia maduka skripti za video fupi, nikampa shilingi 30,000 aniandikie moja: mteja anaingia na nywele zilizofumuliwa, anatoka na rasta, yote ndani ya sekunde 30. Kupiga na kukata tulikuwa tunafanya wenyewe kwa simu. Haya ni maoni yangu kuhusu kile nilichonunua, kizuri na kibaya, maana nimeona wasusi wengi wanauliza kama inafaa kulipia kitu kama hiki.

Skripti ilikuja kurasa mbili, safi, kila sekunde imepangiwa kazi yake. Nikafurahi. Kisha nikaisoma kwa sauti huku saa ya simu inakimbia. Maneno ya msimulizi yalikuwa 96, na kuyasoma kwa mwendo wa mtu anayezungumza, si wa mnadi samaki, kulinichukua sekunde 47. Video ni ya 30. Nikampigia. Akasema, "Dada, ukisoma haraka yanaingia." Nikasoma haraka, nikabaki na pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Neno moja la Kiswahili linabeba mzigo wa sentensi. "Tutakavyokusukia" ni neno moja tu, lakini mdomo unafanya kazi mara nane. Kwa hiyo kuhesabu maneno peke yake kunadanganya. Kipimo ni saa na mdomo wako mwenyewe.

Tena sekunde tano za mwanzo alizipa jina la saluni na "karibuni sana wapenzi wateja". Mtu anayepitisha kidole kwenye simu hakusubiri umkaribishe. Keshaondoka.

Nilimrudishia, na hapa nimsifu: hakukasirika. Tuliifumua pamoja kama tunavyofumua rasta za miezi miwili, na maneno yaliyobaki ni haya:

"Alikuja na nywele alizofumua jana usiku. Tumeosha, tumekausha, tumegawa mistari. Rasta hizi hazina fundo, hazikuvuti kichwa. Kazi ni ya masaa matano. Ukikaa saa mbili asubuhi, saa saba unaondoka. Tupo Ngamiani, piga kwanza."

Maneno 32. Nikiyasoma kwa utulivu ni sekunde 17 hivi, na zile 13 zinazobaki tuliziachia sauti za saluni yenyewe: maji, kitana, mlio wa draya. Nilidhani sauti hizo ni kelele. Kumbe ndizo zinazomfanya mtu ahisi yuko kwenye kiti.

Picha zenyewe zilikwenda hivi. Sekunde ya 0 hadi 4, nywele zilizofumuliwa, kisha mara moja rasta zilizokwisha. Ya 4 hadi 8, kuosha na kukausha. Ya 8 hadi 15, kugawa mistari. Ya 15 hadi 21, kichwa kinavyojaa. Ya 21 hadi 25, ncha zinachovywa kwenye maji ya moto, mvuke unapanda. Tano za mwisho, mgongo wa mteja, mahali tulipo na namba ya simu.

Mnaona mistari imepewa sekunde saba, kuliko kitu kingine chochote. Hilo nililidai mimi. Kijana alikuwa ameipa sekunde moja na nusu, na nyingi akaziweka mwishoni mteja akitikisa kichwa. Lakini mwanamke anayetafuta msusi hatazami kichwa kinavyotikiswa. Anatazama kama mkia wa kitana umepita sawasawa, kama vile viboksi vya ngozi vinafanana ukubwa, na kama msusi anaanza na nywele za mteja mwenyewe halafu anaongeza za bandia kidogo kidogo. Hapo ndipo anapojua kama kichwa kitamuuma usiku. Simu tuliisogeza mpaka ikawa kama shibiri moja na kichwa.

Kuisogeza simu karibu kuna hatari yake, nawaambia wasusi wenzangu. Jaribio la kwanza tulipiga kichwa kilichosukwa na msaidizi wangu ambaye mkono wake mzito. Kwa macho kilikuwa kizuri. Kwenye video, pale mbele kwenye paji, ngozi ilionekana imenyanyuka kwenye kila mzizi, na vipele vidogo vyeupe vimeanza. Ukisuka kwa kukaza hivyo, mara nyingi ndiyo mwanzo wa nywele za mbele kukatika, na mtu yeyote aliyewahi kusukwa anaijua dalili hiyo. Hakuna skripti inayoficha jambo hilo. Tuliitupa video, na msaidizi tukazungumza.

Ile sehemu ya kichwa kinavyojaa nayo ilitutesa. Skripti ilisema: weka simu kwenye stendi, washa time-lapse, irekodi masaa yote matano. Nikafanya hesabu na mdogo wangu. Masaa matano ni sekunde 18,000. Sisi tuna sekunde 6 tu za kuyaonyesha, na video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, yaani picha 180. Maana yake kutoka picha moja hadi nyingine sekunde 100 zimepita. Mikono yangu ilionekana inarukaruka kama ya majini, na kila mtu aliyepita nyuma kuomba maji alikuwa kivuli. Tulichofanya badala yake ni vituo vinne: robo ya kichwa, nusu, robo tatu, kimejaa. Kila kituo mteja anakaa wima, tunapiga sekunde tano, na kwenye kukata tunachukua moja na nusu tu. Simu haiguswi. Tulibandika gundi ya karatasi sakafuni kuzunguka miguu ya kiti na miguu ya stendi, maana mteja atainuka tu, ataswali, atakula, na akirudi kiti kimehama.

Halafu mwanga. Mlango wangu unatazama mashariki. Picha ya kwanza tuliipiga saa mbili na nusu asubuhi, jua linaingia lote. Ya mwisho saa nane mchana, ndani kumepoa. Tulipoziunganisha, kichwa cha kwanza kilikuwa cha njano na cha pili cha samawati. Shoga yangu akaitazama akasema, "Hawa si watu wawili?" Na mtu akishasema hivyo biashara imekwisha. Siku ya pili tulishusha pazia, tukatumia taa ya duara peke yake, na kwenye iPhone ya mdogo wangu tukabonyeza kioo na kushikilia mpaka yakatokea maandishi `AE/AF LOCK`, ili simu isiwe inajibadilishia mwanga yenyewe katikati ya picha. Skripti haikuwa na neno hata moja kuhusu mwanga. Kwa 30,000, ningetegemea mstari mmoja.

Jambo ambalo kijana wa watu hakulifikiria kabisa ni kwamba hapa ni Tanga. Skripti yake ilitaka mteja azungushe kiti, atazame kamera na kutabasamu. Wateja wangu wengi wanajifunika. Wanasuka kwa ajili ya nyumbani, na nywele zao na sura zao si za kuonwa na kila mwenye bando. Nilimuuliza mmoja, namsuka miaka, tena ni mcheshi. Akaniangalia tu. Nikaelewa. Tukakubaliana: kisogo na mgongo tu, sura haitoki, pete na sauti yake havitoki, na kabla sijaiweka popote anaiona kwanza kwenye simu yake.

Na kwa sababu kiti hakizunguki, tulihitaji njia nyingine ya kutoka nywele za kwanza kwenda za mwisho. Tukatumia kanga. Asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya mteja, ninainua kanga mbele ya simu kutoka chini kwenda juu mpaka inafunika kioo chote. Mchana, tunaanza kanga ikiwa imefunika, naiendeleza kwenda juu mpaka inaondoka, rasta zinatokea. Mdogo wangu akakata pale kanga ilipofunika kote. Mara ya kwanza mchana niliishusha badala ya kuipandisha, na jicho likaona kabisa pameungwa. Inatakiwa mwendo uwe upande mmoja, mkono uleule, na kanga ikunjwe mara mbili, la sivyo taa inapenya na unaona kichwa kwa ndani. Hii sehemu ya sekunde nne ndiyo watu wanairudia kuitazama.

Kosa lililonigharimu wateja lilikuwa dogo, na ni letu sote, mimi na mwandishi. Maandishi ya kwenye video yalisomeka "RASTA SAA 5". Tulimaanisha muda wa kazi. Wiki ya kwanza walikuja wanawake watatu, kila mmoja kwa siku yake, saa tano asubuhi kamili, wakijua ndiyo saa ya kuanza. Mmoja alitoka Pongwe kwa daladala. Saa tano ukianza, na chakula na swala, unamaliza jioni imeshaingia. Wawili niliwarudisha. Sasa imeandikwa "Tunasuka kwa masaa 5", walimu wa Kiswahili wanisamehe kwa hayo masaa, lakini hakuna tena anayekosea. Na maandishi hayo yapandisheni kidogo, yasikae chini kabisa ya kioo, maana huko ndiko programu inakoweka jina lako na maelezo, yanafunikana.

Nikiulizwa nyota, skripti kama ilivyoletwa naipa mbili na nusu. Baada ya kuifumua, nne. Kijana anajua kupanga sekunde, hajui kichwa cha mtu, na mimi nilikuwa kinyume chake. Anayemlipa mwandishi amkalishe kwanza kwenye benchi la saluni kutwa nzima kabla hajaandika neno, na aulize mapema kama marekebisho yamo kwenye bei. Yangu yalikuwemo mara moja tu. Ya pili nilimwongeza 5,000.

Mteja wangu wa kwenye video aliiona, akaikubali, nikaiweka. Siku ya tatu akanipigia anacheka na kulalamika kwa pamoja. Wifi yake amemtambua. Si kwa nywele wala kwa mgongo: ile kanga ilikuwa yake, imeandikwa "Hasidi hana sababu", na wifi ndiye aliyempa. Niliitoa siku ileile, tukarudia zile sekunde nne kwa kitenge cheusi changu mwenyewe, tukaiweka upya.