Nililipa dipoziti ya meza Kisumu, nikakuta wengine wanakula juu yake

Nimeikalia hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hivyo naandika. Jina la hoteli silitaji, ila ukitafuta samaki upande wa ziwani utaifikia tu.

Ilikuwa Jumamosi ya mahafali. Shemeji yangu mdogo alikuwa amehitimu Maseno, na mama mkwe alisafiri kutoka Bungoma na gauni lake jipya kuja kumwona. Nilikuwa nimebuku meza ya watu wanane, saa saba mchana. Wakaniambia wikendi kama hiyo hawashiki meza bila dipoziti: shilingi 500 kwa kila kichwa, itakatwa kwenye bili, na ukichelewa zaidi ya dakika 15 bila kusema, meza inaachiliwa. Sikulalamika. Niliwahi kusimamia ukumbi wa hoteli Nakuru kwa miaka minne, na najua uchungu wa kuweka meza ya watu kumi katikati ya ukumbi, umekunja vitambaa vizuri, halafu aliyeibuku anazima simu. Wazee wa Pwani wana neno lao la pesa ya namna hii, arubuni, na maana yake ni kwamba pande zote mbili zimefungwa. Shikeni hapo, nitarudi.

Kaka yangu aliye Nairobi ndiye aliyelipa zile 4,000 kwenye till yao, kwa sababu alishaahidi kutulisha. Ujumbe wa M-Pesa akanitumia, nami nikautuma WhatsApp kwa dada aliyepokea buking. Alama mbili za buluu. Akajibu, "Sawa mum, karibuni."

Siku yenyewe foleni ilitukamata Otonglo. Saa saba kasorobo nikapiga simu, haikushikwa. Nikapiga tena, haikushikwa. Nikaandika WhatsApp kwamba tunachelewa kidogo. Tukaingia saa saba na dakika 20, na kwenye meza iliyokuwa yetu kuna vijana sita wanachambua mbuta, mmoja anapiga picha mifupa.

Mwenye daftari mlangoni akapitisha kidole. Jina langu lipo. Mbele yake ameandika "hajalipa".

Nikamwonyesha ujumbe. Akafungua simu ya till akatafuta jina langu. Halipo, bila shaka halipo, kwa sababu malipo yalikuja na jina la kaka yangu! Till humwonyesha muuzaji jina la aliyelipa, haimwonyeshi jina la atakayekula. Ndiyo maana kwenye daftari letu la Nakuru kulikuwa na safu ya pili, na ndani yake tuliandika ule msimbo wa M-Pesa wenye tarakimu na herufi kumi. Baba anamlipia binti, bosi anamlipia karani, chama kinamtuma mwekahazina. Majina hayatalingana kamwe, lakini msimbo ni mmoja tu duniani. Kazi ya sekunde 20. Dada wa WhatsApp alikuwa nao mkononi. Kumbe zamu yake iliisha Ijumaa usiku, na simu ya buking akaondoka nayo nyumbani, ndiyo maana ilikuwa ikilia bila kushikwa.

Hapo bado nilikuwa na heshima zangu. Kosa la karatasi hutokea. Kilichonichemsha ni meneja.

Alikuja akiwa na mkono mfukoni, akamtazama mama mkwe aliyesimama mlangoni na mkoba wake kifuani, asimwambie hata shikamoo, asimpe hata kiti. Akaniambia, "Madam, mlichelewa, na dipoziti hairudishwi." Nikamuuliza: kwa hiyo 4,000 mmekula, na meza pia mmeuza? Akasema ndiyo sera ya hoteli. Sera gani hiyo? Dipoziti ni bei ya kukaa na kiti kitupu. Ukishamkalisha mtu mwingine hapo huna hasara ya kulipwa, umeuza kiti kimoja mara mbili. Chagua: shika meza ubaki na pesa, au uza meza urudishe pesa.

Na hapo ndipo nilipogundua ugonjwa wao. Daftari lilikuwa wazi, na macho ya kazi hayazeeki. Meza zao ni 18, buking za saa saba zilikuwa 21. Sisi pia Nakuru tulizidisha, sikatai, lakini hatukuwa tunadai dipoziti. Tulijua Jumamosi meza mbili tatu hazitatokea, basi tunapokea zaidi kidogo ili ukumbi ujae. Ukianza kuchukua pesa mbele, watu wanakuja! Aliyetoa 4,000 atakuja hata kwa bodaboda. Sasa ukidai dipoziti na bado ukazidisha, umemeza dawa mbili za ugonjwa mmoja. Wote 21 wanafika, na unabaki ukimtafuta mwenye kosa dogo umfukuze. Hiyo siku mwenye kosa dogo nilikuwa mimi.

Tena ni samaki, si chipsi. Ngege mzima wa mchuzi anachaguliwa, anakaangwa, anarudishwa kwenye sufuria na nyanya. Nusu saa imekwisha na ugali haujafika. Familia ya mahafali haiondoki kabla ya masaa mawili kupita, na hotuba juu. Walikuwa wamebuku kundi jingine saa nane na nusu kwenye meza zilezile. Sijui nani aliwapigia hesabu hiyo.

Lakini subirini. Tukiwa tumesimama hapo, pembeni kabisa, mahali penye upepo wa ziwa, kulikuwa na meza mbili zenye kadi ya "Imehifadhiwa". Tupu. Nikauliza. Mhudumu mmoja akaninong'oneza, "Hizo ni za mheshimiwa, huwa hatumdai." Mheshimiwa hakuja. Hakuja saa nane, hakuja saa tisa. Viti 12 vilikaa vikipepewa. Kadiria mlaji mmoja shilingi 1,200 hivi: hiyo ni zaidi ya 14,000 waliyoiangalia ikipeperuka, huku wakinikaba shingo kwa 4,000 yangu. Yaani dipoziti inamshika yule ambaye angekuja tu, na anayeweza kukosa kuja bila kujali haguswi.

Mwishowe walituunganishia meza mbili za plastiki karibu na jikoni, saa nane na robo. Nyota moja.

Isipokuwa, na inaniuma kusema, samaki alikuwa mtamu. Mama mkwe alikula kichwa chote, akanyonya vidole, akasema hajaona mboga ya osuga ya namna hiyo. Yule mhudumu aliyeninong'oneza alituhudumia kama ndugu. Basi mbili.

Halafu Jumatatu dada wa WhatsApp akapiga mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema amesikia yaliyotokea, kosa la kuondoka na simu lilikuwa lake, na 4,000 imerudishwa kwa namba iliyolipa. Nikampigia kaka, kweli imeingia. Nikamuuliza yule dada kuhusu meneja, akacheka tu. Nikamweleza habari ya kuandika msimbo wa M-Pesa kwenye daftari, akaniambia, "Ngoja niandike, mum."

Tatu, basi, lakini ya tatu ni ya huyo dada. Meneja abaki na sifuri yake. Mwisho wa mwezi kaka anakuja, na nimebuku tena palepale, saa sita kamili kabla watu hawajajaa. Safari hii nimelipa kwa simu yangu, na nimemwambia yule dada anitumie picha ya ukurasa wa daftari.