Kisigino kinauma miezi sasa: upunguze kilomita za kukimbia au ubadili viatu?

Yale maumivu ya hatua za kwanza asubuhi ukishuka kitandani, yanalegea ukitembea kidogo halafu jioni yanarudi, mara nyingi ni ule utando mnene chini ya unyayo umebebeshwa mzigo kuliko unavyoweza.

Kupunguza kilomita ndo dawa kubwa kwa maoni yangu. Chukua mtu anayekimbia kilomita 40 kwa wiki, 18 kati ya hizo Jumapili moja kupitia Daraja la Tanzanite, huyo simwambii aache kabisa, ashuke mpaka 24, yaani mara nne za kilomita 6, ile ndefu aiweke pembeni kwanza. Kipimo ni kesho yake asubuhi: hatua za kwanza zikiuma kuliko jana, jana ulizidisha, punguza tena. Zikiwa zilezile au nafuu wiki mbili hivi, ongeza kilomita 2 au 3 kwa wiki, basi.

Viatu vinaleta nafuu haraka zaidi, ila peke yake havitoshi. Raba yenye kisigino kilichoinuka milimita 8 mpaka 12 kuliko upande wa vidole inapunguza mvuto kwenye utando, lakini jamani, saa moja unakimbia na raba nzuri, halafu siku nzima uko na ndala bapa juu ya taili, hapo kisigino kitapumzika saa ngapi? Vaa sendo zenye soli nene hata ndani.

Kukiwa na ganzi, uvimbe, au kinauma hata umelala, nenda hospitali.